Kibodi moja, kompyuta mbili: kuziunganisha kwa kebo, na mahali pa kukomea

Una kompyuta ya mezani yenye Windows 11 na laptopu yenye Ubuntu 24.04, zote zako, zimekaa bega kwa bega. Unataka kibodi moja na kipanya kimoja: kishale kikigusa ukingo wa kulia wa skrini ya kwanza, kitokee kwenye ya pili, na kila unachoandika kikifuate huko. Kazi hii hufanywa na programu kupitia mtandao. Inayofaa zaidi kwa Windows na Linux pamoja ni Deskflow, ya bure na yenye msimbo wazi. Ndiyo msingi wa Synergy ya zamani iliyoanza mwaka 2001.

Kama kompyuta zako zote mbili ni za Windows, Deskflow si lazima: Mouse Without Borders iliyomo ndani ya PowerToys inatosha. Kama zote ni za Apple na si za zamani sana, uwezo huo umo ndani ya mfumo wenyewe tangu macOS 12.3. Mwongozo huu ni wa mchanganyiko, Windows upande mmoja na Linux upande wa pili.

Elewa kwanza kinachopita mtandaoni. Kompyuta iliyochomekwa kibodi huitwa seva, na ile nyingine huitwa mteja. Kishale kikiwa kwa mteja, seva hunasa kila kitufe unachobonyeza na kukituma kupitia poti ya TCP 24800. Nywila ya benki, barua pepe, namba ya siri, vyote hupita hapo. Kwa hiyo swali la kwanza si programu ipi, bali ni nani mwingine yuko kwenye mtandao huo.

Kwa nini kebo na si Waifai

Katika hosteli ya Wandegeya au Kikoni, Kampala, Waifai moja hutumiwa na jengo zima. Mara nyingi mwenye mtandao amezuia vifaa visionane, nawe utahangaika saa nzima ukidhani umekosea mpangilio, kumbe ruta ndiyo inayokataa. Na kama hajazuia, basi kila jirani anaiona poti yako. Hali zote mbili hazikufai.

Kuna pia kasi. Deskflow hutumia TCP, ambayo hupanga data kwa zamu: kipande kimoja kikipotea hewani, vinavyofuata husubiri hadi kile kilichopotea kitumwe upya. Kwenye Waifai iliyosongamana utaona kishale kikiganda, halafu kikiruka ghafla hadi upande wa pili. Watu hulaumu kipanya au programu, na kosa ni la hewa.

Dawa ni kebo moja ya kawaida ya mtandao, mita moja au mbili, kutoka kompyuta hadi kompyuta bila ruta katikati. Kadi za mtandao za gigabiti hujigeuza zenyewe, kwa hiyo huhitaji ile kebo ya zamani iliyopishanishwa nyaya. Kama laptopu haina tundu la Etheneti, adapta ya USB kwenda Etheneti inatosha. Intaneti itabaki kwenye Waifai kama kawaida, na kebo itabeba kibodi na kipanya tu. Umeme ukikatika na ruta ikazimika, kebo haijali. Ikiwa kompyuta ya mezani nayo imezimika kwa kukosa betri ya akiba, laptopu inaendelea kwa kibodi yake yenyewe na hakuna kilichopotea.

Kama kompyuta ya mezani inapata intaneti kwa kebo na ina tundu moja tu, unganisha zote mbili kwenye ruta yako mwenyewe na utumie anwani ilizozigawa. Hatua zilizobaki hazibadiliki, ila uweke anwani hizo mahali pa zile zilizoandikwa hapa. Hotspoti ya simu yako pia inaweza kufaa kwa muda. Data ya kibodi inayotoka kifaa kimoja kwenda kingine haipiti kwenye mnara wa simu, kwa hiyo haili bando, lakini tatizo la kishale kuruka linabaki.

Anwani mbili za kudumu

Chomeka kebo pande zote mbili kabla ya kuandika chochote. Tutaipa kompyuta ya mezani anwani 192.168.77.1 na laptopu 192.168.77.2. Namba 77 imechaguliwa kwa sababu ruta nyingi hutumia 0, 1 au 8 mahali hapo. Kama Waifai yako nayo inatumia 192.168.77, chagua namba nyingine, la sivyo kompyuta haitajua ipeleke data upande upi.

Kwenye Windows fungua PowerShell kwa haki za msimamizi:

```
New-NetIPAddress -InterfaceAlias "Ethernet" -IPAddress 192.168.77.1 -PrefixLength 24
```

Kama kadi yako haiitwi `Ethernet`, amri ya `Get-NetAdapter` itakuonyesha jina lake. Kwenye Ubuntu, `nmcli device` itakuonyesha jina la kadi ya kebo, kwa mfano `enp3s0`. Kisha:

```
sudo nmcli con add type ethernet ifname enp3s0 con-name kamba ip4 192.168.77.2/24
sudo nmcli con up kamba
```

Pande zote mbili hatukuweka anwani ya kutokea, yaani ile ya ruta. Hilo ni la makusudi. Ukiiweka, kompyuta inaweza kudhani kuwa intaneti iko kwenye kebo, na kurasa zitaacha kufunguka.

Sasa jaribu kutoka Windows kwenda Ubuntu:

```
ping 192.168.77.2
```

Kwenye kebo jibu litarudi chini ya milisekunde moja. Usijaribu kinyume chake kisha ukakata tamaa: Windows kwa kawaida haijibu `ping` kwenye mtandao isioutambua, na kebo isiyo na ruta huhesabiwa hivyo. Ukimya wake si dalili ya kebo mbovu.

Kusakinisha

Kwenye Windows:

```
winget install Deskflow.Deskflow
```

Kwenye Ubuntu njia nyepesi ni Flatpak:

```
sudo apt install flatpak
sudo flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo
sudo flatpak install flathub org.deskflow.deskflow
```

Mara ya kwanza Flatpak hupakua pia mazingira inayoyategemea, na hayo ni mamia ya megabaiti. Kama unanunua bando la siku, fanya hatua hii mahali penye mtandao usiopimwa. Hakikisha matoleo ya pande mbili yanakaribiana. Mteja wa zamani na seva mpya wanaweza kuunganika lakini wakakosana katika mambo madogo yanayochosha kuyatafuta.

Miongozo mingi ya zamani itakuelekeza kwenye Barrier. Iache. Mwaka 2021 zilitangazwa dosari kadhaa za usalama ndani yake, na mojawapo inafundisha jambo: seva haikuthibitisha mteja ni nani. Aliyekuwa kwenye mtandao uleule akajitambulisha kwa jina la skrini linalotarajiwa angeweza kuingia, akapokea yaliyomo kwenye ubao wa kunakili na vitufe vinavyobonyezwa. Toleo la 2.4.0 lilirekebisha hayo, ila mradi wenyewe umeachwa na waliokuwa wakiuendeleza.

Kupanga seva

Fungua Deskflow kwenye Windows na uchague kuwa mashine hii ndiyo yenye kibodi na kipanya. Katika mipangilio ipe jina fupi la herufi ndogo, `mezani`, na laptopu uiite `begi`. Majina haya lazima yalingane herufi kwa herufi na yale utakayoweka kwenye mchoro wa skrini. Kwenye mchoro huo buruta skrini mpya, iweke kulia kwa `mezani` kama laptopu inakaa kulia, na uiite `begi`.

Mchoro huo huandikwa kama faili la maandishi, na kulisoma hukusaidia kuelewa kinachotokea:

```
section: screens
    mezani:
    begi:
end
section: links
    mezani:
        right = begi
    begi:
        left = mezani
end
section: options
    clipboardSharing = false
    switchDelay = 250
end
```

Viungo ni viwili kwa sababu kila ukingo huandikwa peke yake. Ukiandika faili kwa mkono ukasahau cha pili, kishale kitaingia kwenye laptopu na hakitatoka. `switchDelay` ya 250 humaanisha lazima ukisukume kishale ukingoni kwa robo ya sekunde kabla hakijavuka. Bila hiyo, kila unapofuata kitufe cha kufunga dirisha kwenye kona ya juu kulia utajikuta umeruka kwenda laptopu. Kitufe cha Scroll Lock nacho hufunga kishale kwenye skrini kilipo. Ukiona kishale kimegoma kuvuka bila sababu yoyote, tazama kwanza kama hukukigusa.

Kuhusu `clipboardSharing = false` tutarudi.

Sasa usalama. Katika mipangilio hakikisha TLS imewashwa, kwa sababu ndiyo inayosimba kila kinachopita. Washa pia sharti kwamba mteja naye lazima awe na cheti. Bila sharti hilo laptopu inathibitisha seva, lakini seva haithibitishi laptopu, na tumeona mwaka 2021 ulifundisha nini. Mwisho, palipo na nafasi ya kuweka anwani ya kusikilizia, andika 192.168.77.1. Ukiiacha tupu, seva husikiliza kwenye kadi zote, ikiwemo Waifai ya hosteli.

Anzisha seva, kisha uhakikishe kwa macho:

```
netstat -ano | findstr 24800
```

Ukiona `192.168.77.1:24800`, vema. Ukiona `0.0.0.0:24800` au `[::]:24800`, seva ingali inasikiliza kila mahali, na kinachokulinda ni ngome ya Windows, yaani firewall, peke yake.

Ngome ya Windows, mahali watu wengi hukwama

Mara ya kwanza Windows itaruka na dirisha likiuliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao. Majibu yote mawili yana mtego. Ukikubali, Windows huandika kanuni inayoruhusu programu hiyo kwa anwani yoyote kwenye mitandao ya aina uliyoikubali. Ukighairi, huandika kanuni ya kuzuia, na kwenye Windows kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Unaweza kuandika kanuni nzuri baadaye, ikasomeka sawasawa, na bado isifanye kazi.

Kwa hiyo kwanza tazama zilizopo:

```
Get-NetFirewallRule -DisplayName "*deskflow*" | Select DisplayName, Action, Enabled
```

Zile zilizoachwa na dirisha hilo au na kisakinishi, za kuzuia na za kuruhusu kila mtu, zizime au uzifute kupitia `wf.msc`. Kisha andika yako moja:

```
New-NetFirewallRule -DisplayName "Kibodi kwa begi" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 24800 -RemoteAddress 192.168.77.2 -Action Allow -Profile Any
```

Sehemu yenye nguvu ni `-RemoteAddress`: ni laptopu yako tu inayoruhusiwa. Kuzifuta zile pana si usafi wa bure. Kanuni za kuruhusu hujumlishwa, na moja iliyo wazi ikibaki, hii yako nyembamba haina maana.

Kwenye laptopu hakuna poti ya kufungua, kwa kuwa mteja ndiye anayepiga hodi. Kutoka Ubuntu jaribu:

```
nc -vz 192.168.77.1 24800
```

Neno `succeeded` maana yake njia ipo. Amri ikining'inia muda mrefu hadi ikakata, ngome inazitupa data zako kimyakimya, au seva haijaanza, kwa kuwa ngome ya Windows kwa kawaida hunyamaza pia kwa poti isiyo na msikilizaji. Rudia `netstat` kwanza, kisha urudi kwenye kanuni. Ikijibu papo hapo `refused`, data zimefika lakini hakuna anayesikiliza, yaani seva haijaanza au inasikiliza anwani nyingine. Kutofautisha hali hizi mbili kutakuokolea nusu ya muda wa kutafuta kosa.

Kupanga mteja na kulinganisha alama

Kwenye Ubuntu fungua Deskflow, chagua kutumia kibodi ya kompyuta nyingine, andika jina `begi` na anwani ya seva 192.168.77.1, kisha uanzishe. Itaonyesha alama ya kidole ya cheti cha seva: tarakimu 64, kila moja kati ya 0 hadi 9 au a hadi f, zilizotokana na hesabu ya SHA-256.

Hapa wengi hubonyeza kukubali bila kutazama. Usifanye hivyo. TLS inasimba kila kitu, lakini haijui upande wa pili ni nani mpaka wewe uiambie. Mtu aliyejiweka katikati siku ya kwanza angekuonyesha cheti chake, nawe ungemkubali kwa mkono wako, kisha kila herufi ingepita kwake ikiwa imesimbwa vizuri sana. Una bahati kwamba skrini zote mbili ziko mbele yako: fungua alama ya seva kwenye Windows na uzisome sambamba, zote 64. Halafu Windows nayo itakuuliza kuhusu cheti cha laptopu. Fanya vilevile.

Ukishakubali, alama huhifadhiwa na hutaulizwa tena. Siku ukiulizwa tena bila kuwa umesakinisha upya au kutengeneza cheti kipya, simama ujue sababu kabla ya kubonyeza.

Kuna jambo moja la Ubuntu. Andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Jibu likiwa `wayland`, GNOME yenyewe itakuomba ruhusa ya kuacha kibodi ya nje itumike, na ruhusa hiyo utaitoa kwa kipanya cha laptopu. Bila hiyo programu itasema imeunganika lakini kishale hakitasogea. Inafanya kazi vizuri kwenye Ubuntu 24.04, ambayo ina GNOME 46. Kwenye 22.04, ambayo ni ya zamani kuliko njia hii, toka, kisha kwenye ukurasa wa kuingilia bonyeza gurudumu lililo pembeni uchague Xorg.

Log ya programu inasema mengi, na ujumbe wa kutambua ni mchache. `unrecognised client name` upande wa seva maana yake jina halilingani na la kwenye mchoro, labda `beg` na `begi`. `Timed out` ni ngome, anwani au seva isiyoanza, na `Connection refused` ni seva isiyosikiliza, kama ilivyokuwa kwa `nc`. Ujumbe unaotaja `fingerprint` ni cheti.

@ inapogeuka kuwa alama ya nukuu

Kibodi nyingi zinazouzwa Kampala, hasa zilizotumika zikaletwa kutoka nje, zina mpangilio wa Uingereza, ilhali mfumo umewekwa wa Marekani. Kwenye mpangilio wa Uingereza Shift na 2 hutoa `"`, na @ iko karibu na Enter. Kwenye wa Marekani ni kinyume.

Ukiwa na kompyuta moja hilo ni kero tu. Ukiwa na mbili ni mtego, kwa sababu seva haitumi kitufe ulichobonyeza, hutuma alama iliyoelewa, na mteja huitafuta kwenye mpangilio wake mwenyewe. Alama isipokuwepo huko, hakuna kinachoandikwa. Kwenye kisanduku cha nywila huoni lolote ila vitone, na baada ya majaribio matatu akaunti imefungwa.

Weka mpangilio uleule pande zote mbili, ule ulioandikwa kwenye vitufe vya kibodi unayoitumia. Kisha fungua faili tupu kwenye laptopu na uandike kupitia kibodi ya mezani: `@ " # £ \ | ~`. Kwenye mpangilio wa Marekani £ haipo, iruke. Zikitoka zote sawa, ndipo uanze kuandika nywila.

Mipaka ya usalama

Ubao wa kunakili ndio unaosahaulika. Ukiruhusiwa, unachonakili kwenye kompyuta moja husafiri hadi ya pili unapovuka ukingo. Ni raha kwa viungo vya kurasa, ila fikiria nywila. Programu ya kutunza nywila hufuta ilichonakili baada ya sekunde chache, lakini hufuta kwenye mashine yake. Nakala iliyokwisha vuka hubaki ng'ambo. Zaidi ya hapo, programu hizo huweka alama ya siri inayoiambia Windows isiihifadhi nywila kwenye historia ya ubao, ile inayofunguka kwa Win na V. Maandishi yaliyofika kupitia mtandao hayana alama hiyo, basi huhifadhiwa kama maandishi mengine. Ndiyo sababu ya `clipboardSharing = false`. Unapohitaji kuhamisha kiungo, iwashe, kisha uizime.

Mpaka wa pili ni kufunga skrini. Kishale kikiwa kwenye laptopu ukabonyeza Win na L, Windows hukichukua kitufe hicho yenyewe: kompyuta ya mezani inafungwa na laptopu inabaki wazi. Unaondoka ukidhani umefunga zote mbili. Kuna baya zaidi, nalo ulipime leo. Seva kwenye Windows huweza kuendelea kufanya kazi hata kwenye ukurasa wa kuingilia. Funga kompyuta ya mezani, acha laptopu wazi, halafu sukuma kipanya hadi ukingo wa kulia. Kishale kikitokea kwenye laptopu, basi yeyote anayeketi mezani pako anaandika kwenye laptopu yako bila kuijua nywila hata moja. Dawa ni kufunga laptopu kwanza kwa kibodi yake, au kuizima Deskflow kabla ya kuinuka. Weka pia laptopu ijifunge yenyewe baada ya dakika mbili.

Mpaka wa tatu hauondoki kwa mpangilio wowote: usalama wa laptopu sasa hauwezi kuzidi wa kompyuta ya mezani. Virusi vikiingia kwenye seva vinaweza kuandika chochote kwa mteja kana kwamba ni wewe, na TLS itavibeba salama salimini. Kama kompyuta moja hutumiwa pia na ndugu zako kupakua filamu, na nyingine ndiyo ya benki na hesabu za biashara, usiziunganishe namna hii. Na kama umeamua kuziunganisha hata hivyo, ile salama zaidi ndiyo iwe seva, kwani ndiyo inayoamuru.

Kwa hali hiyo, au kwa kompyuta ya mwajiri, tafuta swichi ya USB yenye kitufe: kibodi hugeuzwa kwa waya, hakuna ubao wa kunakili wala mtandao. Swichi hufanya kazi pia pale Deskflow isipofika, yaani kwenye BIOS na kwenye nywila ya kufungua diski iliyosimbwa, kwa sababu wakati huo programu yoyote haijaanza. Kompyuta ya ofisi si yako hata kama unaibeba nyumbani kila jioni. Pata idhini ya msimamizi wa mtandao kabla ya kusakinisha kitu kinachonasa vitufe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inatazama kama ulikuwa na idhini, haitazami kama nia yako ilikuwa nzuri.

Na poti 24800 isifunguliwe kamwe kwenye ruta kuelekea intaneti. Kuiendesha laptopu iliyo Mbarara ukiwa Kampala ni kazi ya programu nyingine, maana hii haikuonyeshi hata skrini unayoiandikia.

Siku ukiuza laptopu au kumpa mtu, mambo mawili. Kwenye seva futa alama yake kwenye orodha ya wateja walioaminiwa, na uifute ile kanuni ya ngome. Kwenye laptopu futa folda ya mipangilio ya Deskflow, kwa kuwa faili la cheti hubeba pia ufunguo wa siri:

```
sudo flatpak uninstall org.deskflow.deskflow
rm -r ~/.var/app/org.deskflow.deskflow
```